Kompyuta Namba Sita

Kwa karibu miezi mitatu mtandao wa kafe yangu ulikuwa ukizidiwa kila asubuhi, kuanzia saa mbili ninapofungua mpaka saa nne au kupita kidogo. Baada ya hapo unatulia, unaenda vizuri kana kwamba hapakuwa na tatizo. Nipo Morogoro, si mbali na stendi ya Msamvu. Nina kompyuta kumi za wateja, moja ya kwangu kaunta, skana na mashine ya kutoa kopi. Laini ni moja tu, ya megabiti 10 kwa sekunde, na wote tunakunywa humo humo.

Tatizo lilinikuta kipindi kibaya, msimu wa maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Vijana waliomaliza kidato cha sita wanakuja na bahasha zao: cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa RITA, vyeti vya shule, picha, fomu yenye sahihi na mihuri. Sisi tunaskani, tunapunguza ukubwa wa faili, tunapakia kwenye mfumo. Kazi hii haihitaji mtandao wa kasi ya ajabu. Inahitaji mtandao usiokatisha, kwa sababu faili ikichelewa sana ukurasa unakutoa nje na unaanza upya.

Namkumbuka binti mmoja aliyekuja na baba yake kutoka Turiani. Walitoka nyumbani alfajiri ili wawahi basi la kurudi mchana. Tulijaribu kupakia fomu yake mara tatu. Mara zote ule mstari wa kuonyesha faili inavyopanda ulifika karibu na mwisho, ukasimama, kisha ukurasa ukawa mweupe. Mzee akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, au tutoke nje kwanza tusubiri?" Sikuwa na jibu la kumpa. Waliondoka saa nne kasoro kwenda duka la jirani, na nusu saa baadaye mtandao wangu ukawa mzima.

Nilianza kwa kulaumu kampuni inayotuletea mtandao. Nikapiga simu, fundi wao akaja, lakini alikuja saa nane mchana. Akapima kasi kwenye kompyuta ya kaunta, ikasoma 9.6. Akaniambia laini iko sawa, akaondoka, na kwa saa ile alikuwa anasema kweli. Nikapiga tena asubuhi moja nikiwa nimejipimia mwenyewe na kupata 3.8. Wakanijibu kwamba ukiwa na wateja tisa ndani, namba hiyo ni ya kawaida. Hilo nalo lilikuwa na ukweli wake.

Basi nikapandisha kifurushi. Mwezi mmoja nikalipia megabiti 20, bei karibu mara mbili. Asubuhi ikawa na nafuu: badala ya kutulia saa nne, mtandao ukawa unatulia saa tatu na kidogo. Niliona ni tiba ya nusu nikaridhika kiasi, lakini pesa ilikuwa inaniuma, na mwezi uliofuata nikarudi kwenye 10. Leo nikitazama nyuma naona kwamba pale pale ndipo tatizo lilipojitaja. Bomba lilipopanuka mara mbili, muda wa mateso ulipungua nusu. Wateja wakiwa wengi, kitu kama hicho hakitokei, kwa sababu wateja hawaishi saa tatu wala saa nne. Hutokea pale ambapo kuna mzigo wenye ukubwa maalumu unaoshushwa, na ukishamaliza kushuka, unakwisha. Sikuliona wakati ule.

Aliyenifungua macho ni kijana ninayefanya naye kazi. Alikuwa amechoka kujibu wateja, akaamua kuandika kwenye daftari la mauzo, pembeni, kila mtandao unapoharibika na kila unapopona. Baada ya wiki mbili tukakaa tukayasoma. Asubuhi zote zilikuwepo, hilo tulilijua. Ambalo hatukulijua ni kwamba kulikuwa na mistari mingine ya mchana: Jumanne saa saba na nusu hadi saa tisa, Ijumaa saa kumi hadi kufunga. Akaniambia, "Dada, siku hizi mbili si ndizo umeme ulikatika?" Ndizo. Tukarudi nyuma kwenye simu zetu kutafuta siku nyingine za kukatika umeme, na zote zilikuwa na mstari kwenye daftari, dakika chache baada ya umeme kurudi.

Dhana yangu ya kwanza ilikuwa mnara au vifaa vya kampuni kwamba vinachelewa kuamka baada ya umeme. Lakini asubuhi je? Usiku umeme haukukatika. Kitu pekee kilichofanana kati ya asubuhi na umeme kurudi kilikuwa humu ndani kwangu: nyakati zote mbili, kompyuta zote zinawashwa upya.

Jumatano moja umeme ukakatika saa sita mchana, wateja wakaondoka, ukarudi saa saba. Nikamwambia kijana afunge mlango nusu. Tukawasha kompyuta zote kumi, hakuna aliyekaa kwenye hata moja. Kwenye ya kaunta nikafungua madirisha mawili meusi ya amri, nikaandika hili kwenye la kwanza na hili kwenye la pili:

```
ping -t 192.168.1.1
ping -t 8.8.8.8
```

Ya kwanza inaiuliza ruta yangu, iliyo hapo ukutani. Ya pili inauliza seva iliyo nje kabisa. Hii ni hatua ninayompendekezea kila mwenye kafe kabla ya kumpigia mtu simu, kwa sababu inakata shauri mapema. Ruta ilijibu kwa milisekunde 1, kila mara. Maana yake kebo zangu na swichi yangu inayoziunganisha kompyuta ni nzima. Ile ya nje, ambayo mchana tulivu hujibu kwa milisekunde 35 hadi 40, dakika tano baada ya kuwasha ilianza kupanda: 120, 340, 700, halafu ikakaa kati ya 800 na 1,000, na mara moja moja ikasema `Request timed out.` Chumba kitupu, kompyuta kumi hazina mtu, na laini imejaa.

Swichi yangu ipo juu ya kabati, ina matundu 16, na kila tundu lina taa ndogo ya kijani. Nilikuwa naiona kila siku bila kuitazama. Nikapanda kwenye kiti. Taa za matundu mengi zilikuwa zikipepesa mara moja, zinatulia, zinapepesa tena, jinsi kompyuta inavyopiga chafya zake ndogo ndogo ikiwa haina kazi. Taa mbili hazikutulia hata kidogo, zilikuwa zikitetemeka kwa kasi mpaka zinaonekana kama zimewaka moja kwa moja. Moja ni ya kebo inayokwenda kwenye ruta. Ya pili ilikuwa na kipande cha plasta nyeupe nilichokiandika kwa kalamu mwaka tulipohamia: 6.

Nikachomoa kebo ya namba sita. Kijana alikuwa kaunta akitazama namba, akaanza kunisomea kwa sauti: mia nne, tisini, arobaini na moja, thelathini na nane, thelathini na nane. Nikairudisha. Dakika haikuisha, tukawa tena mia saba. Tukarudia mara ya tatu ili nisiwe najidanganya.

Nataka nieleze kwa nini kompyuta moja inaweza kuwakwamisha watu tisa ambao kila mmoja anafungua ukurasa mdogo tu, maana hili ndilo watu wengi huniuliza. Laini haigawanywi kwa vichwa. Anayeshusha mzigo mkubwa hufungua njia kadhaa kwa wakati mmoja na haondoki hapo hata sekunde moja, wakati mteja wa kawaida anaomba ukurasa, anasoma, anaomba tena. Kwa hiyo vipande vya yule mmoja vinajipanga foleni upande wa kampuni, kabla ya kuteremka kwenye laini yako, na kila ombi jipya linakuta foleni imeshakuwa ndefu. Zile milisekunde 800 ndiyo foleni yenyewe, unaiona kwa namba. Na ndiyo sababu hata kupakia kulishindikana, ingawa kupakia ni kupandisha na mzigo ulikuwa unashuka. Kila kipande cha faili kinachopanda lazima seva ijibu kwamba imekipokea, na jibu hilo linashuka kwa bomba lile lile lililojaa. Majibu yakichelewa, kompyuta inapunguza kasi ya kupeleka. Fomu ya binti wa Turiani ilikuwa inasubiri majibu nyuma ya mzigo wa namba sita.

Nikakaa kwenye namba sita. Kwenye skrini hapakuwa na kitu: hakuna dirisha lililofunguka, hakuna ujumbe. Nikabonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, nikaandika `resmon`, nikafungua sehemu ya `Network`. Juu kabisa ilikaa `svchost.exe`, ikipokea baiti 1,180,000 kwa sekunde. Zidisha kwa nane upate biti: megabiti 9.4. Laini yangu yote.

Jina hilo `svchost.exe` halikuambii mengi, maana ni kama gari la abiria, linabeba huduma nyingi za Windows tofauti tofauti na yanakuwepo mengi kwa wakati mmoja. Unatakiwa kuuliza hili hasa limembeba nani. Pembeni ya jina kuna namba ya utambulisho, kwangu siku ile ilikuwa 3140, nikaandika:

```
tasklist /svc /fi "PID eq 3140"
```

Jibu likaja na neno moja kwenye safu ya huduma: `DoSvc`. Hiyo ni Delivery Optimization, huduma ambayo Windows 10 huitumia kushusha apdeti zake. Kwa hiyo hakikuwa kirusi, hakuwa mteja aliyeacha anashusha filamu. Ilikuwa apdeti halali, inayofanya kazi yake halali. Nilifungua ukurasa wa apdeti nikakuta imepanga kushusha toleo jipya zima la Windows, marekebisho ya mwezi, na vitu vingine vidogo. Jumla nilipofuatilia ilikaribia gigabaiti 4.5.

Hesabu ikakaa sawa na daftari. Asubuhi wateja wakiwa wamejaa, namba sita ilikuwa ikipata kama nusu ya laini, megabiti 5 hivi, na gigabaiti 4.5 kwa kasi hiyo huchukua muda wa saa mbili kamili. Saa mbili asubuhi hadi saa nne. Kwenye megabiti 20 muda unakatika nusu, mzigo unaisha saa tatu. Mchana chumba kikiwa kitupu inapata laini yote na inamaliza kwa saa moja na dakika chache.

Lakini swali lilibaki, na ndilo kubwa kuliko yote. Kompyuta yoyote hushusha apdeti, inaisakinisha, imemaliza. Kwa nini hii ilishusha mzigo ule ule kila siku kwa miezi mitatu?

Kafe nyingi, yangu ikiwemo, hutumia programu ya kugandisha kompyuta. Ukishaigandisha, chochote mteja atakachofanya, awe ameweka programu, amebadilisha picha ya skrini, au ameleta kirusi na flashi, kinahifadhiwa pembeni kwa muda tu. Ukizima na kuwasha, vyote vinatupwa na kompyuta inarudi ilivyokuwa siku ulipoigandisha. Kwa biashara yetu ni kinga nzuri sana na siwezi kufungua duka bila hiyo. Ila programu hiyo haichagui. Inatupa kirusi, na inatupa apdeti vilevile.

Basi namba sita kila ilipowashwa iliamka kwenye siku ile ile ya zamani. Ikatazama kumbukumbu zake, ikaona haijakagua apdeti kwa wiki nyingi, ikakagua mara moja, ikakuta iko nyuma, ikaanza kushusha gigabaiti 4.5. Ikimaliza inasubiri kuwashwa upya ili isakinishe. Jioni tunazima, kila kitu kinafutika. Asubuhi inaanza mwanzo. Umeme ukikatika mchana, inaanza mwanzo tena siku hiyo hiyo. Kwa siku 25 za kazi hiyo ni zaidi ya gigabaiti 110 kwa mwezi, zilizopita kwenye laini yangu na kumwagwa. Laini yangu haina kikomo cha data. Kama ningekuwa natumia bando la kuhesabiwa, ningeligundua wiki ya kwanza kwa mfuko.

Na kwa nini namba sita peke yake? Fundi aliyezipanga kompyuta mwanzo alifanya jambo dogo kwenye zote kumi kabla ya kuzigandisha. Alikwenda kwenye mipangilio ya mtandao akawasha `Set as metered connection`, yaani akaiambia Windows kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo. Windows 10 ikiambiwa hivyo, haishushi apdeti nyingi yenyewe, isipokuwa zile chache inazoona ni za lazima. Miezi mitatu kabla, diski ya namba sita ilikufa. Nikaleta fundi mwingine, akaweka diski mpya na Windows upya, akaweka programu zote, nami nikaigandisha jioni ile ile kwa mkono wangu kwa sababu kesho yake kulikuwa na wateja. Ule mpangilio hakuna aliyeukumbuka. Yule wa kwanza hakuwa ameuandika popote, na mimi sikujua upo.

Nilipompigia fundi kumweleza, ushauri wake ulikuwa wa haraka: nizime kabisa huduma ya apdeti, `wuauserv`, kwenye kompyuta zote, yaishe. Nimeona kafe nyingi zikifanya hivyo na nilikataa. Kompyuta zangu zinachomekwa flashi za watu wengi kutwa nzima, na watu wanaandika humo nywila za barua pepe, namba za NIDA, na kuingia kwenye akaunti zao za mkopo na ajira. Kugandisha kunasafisha kompyuta jioni, lakini kirusi kilichoingia saa tatu asubuhi kina siku nzima ya kusoma kinachoandikwa kabla sijazima. Tundu la usalama lisilozibwa kwa apdeti linabaki wazi kesho, kwa sababu kompyuta inarudi kwenye hali ile ile yenye tundu. Ndipo nikatambua kwamba zile tisa nilizoziona ni nzima nazo zilikuwa na shida yake. Hazikuwa zinameza laini, ila hazikuwa zimepata apdeti ya maana tangu zigandishwe, na hilo lilinitia wasiwasi kuliko mtandao.

Kwa hiyo tulifanya kazi Jumapili, duka limefungwa. Tuliondoa mgando kwenye zote kumi. Tukazima ule mpangilio wa mtandao wa kipimo, kwa sababu ukiwa umewashwa kompyuta hazikubali kugawiana apdeti. Kisha kwenye mipangilio ya Delivery Optimization tukaruhusu kushusha kutoka kompyuta nyingine, na tukachagua `PCs on my local network`, za humu ndani tu. Tukaanza na namba sita peke yake, ikashusha mzigo wote kutoka nje kwa saa moja na robo. Ikiisha ndipo tukaruhusu nyingine mbili mbili, na sehemu kubwa ya mzigo zikawa zinachukua kwa namba sita kupitia swichi, bila kugusa laini. Kompyuta mbili hazikugawiana chochote, zilikwenda nje moja kwa moja. Zina gigabaiti 2 za kumbukumbu, na huduma hii kwa kawaida inataka angalau 4 ndipo igawiane. Hizo nimezikubali zilivyo mpaka nitakapoziongezea.

Kusakinisha ndiko kulikochukua siku. Tulianza saa tatu asubuhi, ya mwisho ikamaliza saa kumi na moja jioni, na nyingine zilijiwasha upya mara tatu. Usiharakishe hapa. Ukigandisha kompyuta ambayo bado ina apdeti inayosubiri kuwashwa upya, umeigandisha ikiwa katikati ya kazi, na kila ukiiwasha itataka kumaliza na haitamaliza kamwe. Fungua ukurasa wa apdeti, bonyeza kukagua, hakikisha imesema `You're up to date`, iwashe upya mara moja zaidi, halafu kagua tena. Ndipo tukarudisha mpangilio wa mtandao wa kipimo, kompyuta moja baada ya nyingine, mimi nikisoma na kijana akiweka alama, na ndipo tukagandisha.

Sasa tunafanya hivyo kila mwezi. Apdeti za usalama za Windows hutoka Jumanne ya pili ya mwezi, kwa saa zetu ni usiku, hivyo Jumapili inayofuata ndiyo yetu. Mizigo ya mwezi ni midogo kuliko toleo jipya zima, na tukianza mapema tunakuwa tumemaliza mchana. Programu nyingi za kugandisha zina ratiba ya matengenezo inayoweza kufanya haya yenyewe usiku. Umeme wa mtaa wetu haunipi imani ya kuziacha kompyuta kumi zikijisakinisha gizani bila mtu.

Jambo la mwisho nililofanya ni kwenye ruta, kwa sababu kesho inaweza kuwa kompyuta nyingine, au simu ya mteja kwenye waifai inayoapdeti programu zake. Ruta niliyopewa na kampuni haikuwa na sehemu ya kugawa kasi. Nikanunua ruta ndogo ya MikroTik iliyokwishatumika, nikaiweka kati ya ile ya kampuni na swichi, na kila kompyuta ikapewa anwani yake ya kudumu na kikomo chake. Ya namba sita ni hii:

```
/queue simple add name=pc6 target=192.168.88.16/32 max-limit=1M/3M
```

Namba ya kwanza ni ya kupandisha, ya pili ya kushusha. Megabiti 3 zinamtosha mtu yeyote anayejaza fomu au kutazama video ya kawaida, na kompyuta moja ikichizi haiwezi tena kuchukua zaidi ya theluthi hivi ya laini. Haizuii zikichizi nne kwa pamoja, hilo nalijua. Lakini sasa nikiona mtandao umezidiwa, kuna ukurasa kwenye ruta unaonyesha kila kompyuta inatumia kiasi gani, na sihitaji kupanda kwenye kiti.

Ingawa bado napanda. Jumatatu baada ya kazi ile nilifungua saa mbili kasoro, nikawasha zote, nikapanda kutazama taa. Ya namba sita ilipepesa mara mbili tatu, ikatulia. Kijana alikuwa kaunta na ping yake: thelathini na saba, thelathini na nane. Saa mbili na nusu kompyuta nane zilikuwa na watu, saba kati yao wanapakia vyeti, na namba ilicheza kwenye hamsini. Akafungua daftari la mauzo, akaandika tarehe pembeni kama alivyozoea, kisha akaacha mstari wazi.